Tezi imekua, lakini tazama mkojo uliobaki

Ami yangu ana miaka 71. Aliondoka Mombasa kijana, akafuata biashara ya nguo mpaka Kegonga, kule Kuria Mashariki karibu na mpaka wa Tanzania, na huko ndiko alikooa na kuzeeka. Mwezi wa pili mwaka huu alinitumia kwa simu picha ya karatasi ya altrasaundi aliyopimwa Migori mjini. Chini yake aliandika maneno matatu tu: "Mwanangu, ndiyo saratani?"

Ameniruhusu niyaandike haya kwa sharti kwamba jina lake nisilitaje, kwa kuwa, kasema, wazee wenzake wanaamka usiku kama yeye na hakuna anayemwambia mwenziwe. Mimi nilisomea utabibu ngazi ya diploma. Si daktari wa upasuaji, lakini karatasi kama ile nimezisoma nyingi.

Ilikuwa na mistari kama kumi ya Kiingereza. Ami alikuwa ameushika mmoja, ule unaosema tezi dume imekua, ujazo wake mililita 60. Mstari wa mwisho hakuuona kabisa. Huo ulisema kwamba baada ya kwenda haja ndogo, mkojo uliobaki kibofuni ulikuwa mililita 240. Kwa maoni yangu, kama kuna mstari wa kumnyima mzee usingizi, ni huo wa mwisho, na hata huo nao una masharti yake.

Tuanze na ule uliomtisha. Siku hizi utasikia mtu akisema "fulani ana tezi dume", kana kwamba ni jina la maradhi. Kila mwanamume anayo tangu tumboni mwa mamake. Ni kiungo kidogo kilichokaa chini ya kibofu, na kazi yake ni kutengeneza sehemu ya yale majimaji yanayobeba mbegu. Ujanani ukubwa wake ni wa kungu moja, kama mililita 20 hivi. Taabu yake ni pale ilipokaa. Mrija wa mkojo ukitoka kibofuni hupita katikati ya tezi hiyo, kama uzi unavyopita ndani ya ushanga. Umri ukisogea tezi hunenepa kutoka ndani kwenda nje, kwa sababu ya homoni za kiume na uzee wenyewe, na ufikapo miaka 60 takriban nusu ya wanaume huwa wana unene huo kwa kiwango fulani. Unene huu si saratani wala haugeuki kuwa saratani. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja, ndiyo maana saratani hutafutwa kwa njia yake, nami nitaifikia.

Ile mililita 60 ilipatikanaje? Fundi wa altrasaundi hupima urefu, upana na kimo cha tezi kwa sentimita, akavizidisha, kisha akazidisha na 0.52 kwa kuwa tezi si sanduku bali ina umbo la yai. Ya ami ilikuwa 5.2 kwa 4.6 kwa 4.8. Fanya hesabu hiyo utapata karibu 60. Ni mara tatu ya tezi ya kijana, na kwa mzee wa miaka yake si jambo la ajabu. Kuna watu wana tezi ya mililita 100 na wanakojoa bila taabu, na kuna wengine wana ya mililita 35 iliyochomoza kidole kidogo juu, ndani ya shingo ya kibofu. Kidole hicho hufanya kazi ya kizibo: kila mtu anapojikamua, nacho kinasukumwa kuziba mlango. Kwa hivyo ukubwa wa tezi haukuambii taabu ya mtu. Ukubwa unasaidia kuchagua dawa, na ukifika kwenye upasuaji, kuchagua aina ya upasuaji.

Sasa mstari wa mwisho.

Kibofu ni mfuko wa misuli. Tezi ikibana mlango, misuli ile hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, na kama misuli ya hamali, hunenepa. Miaka ya mwanzo mtu huona tu kwamba mkondo umepungua, unachelewa kuanza, unakatika katikati, na unamalizikia kwenye vidole vya miguu. Lakini kibofu bado kinamaliza kazi yake. Baadaye misuli huchoka. Mtu anatoka msalani akidhani amemaliza, kumbe kiasi kimebaki ndani. Kiasi hicho ndicho kinachopimwa kwa altrasaundi ya pili, mara tu baada ya haja, na kwenye karatasi nyingi utakiona kimeandikwa PVR.

Nilimpigia simu ami nikamuuliza ilikuwaje siku ya kipimo. Akanieleza. Aliambiwa anywe maji chupa mbili kubwa na asiende haja. Akakaa kwenye benchi muda wa masaa mawili, akibanwa mpaka jasho likamtoka. Alipopimwa mara ya kwanza kibofu kilikuwa na mililita 540. Akaambiwa nenda ukakojoe urudi. Choo kilikuwa nje, kimoja, na watu wanabisha mlango. Akakojoa alichoweza, akarudi, akakuta wawili wameingizwa mbele yake, akasubiri tena karibu nusu saa.

Hapo nikamwambia, "Ami, hiyo 240 usiiamini bado."

Kibofu kilichojazwa kupita kiasi huvutika kama mpira uliozidi kupulizwa, na misuli iliyovutika hivyo haikamui vizuri, hata ya mtu mzima wa afya. Ukiongeza haraka na aibu ya watu mlangoni, kitabaki zaidi ya kawaida yake. Na chupa mbili za maji zilikuwa bado zinashuka kutoka kwenye figo kwa ile nusu saa aliyosubiri, kwa hivyo sehemu ya 240 haikuwa mkojo uliobaki, ilikuwa mkojo mpya. Kipimo cha haki hufanywa mtu akiwa amebanwa kiasi cha kawaida, kama vile angekuwa nyumbani angeinuka kwenda. Akojoe kwa faragha na kwa utulivu, kisha apimwe papo hapo, ndani ya dakika chache. Na kwa kuwa kibofu cha mtu huyo huyo hubadilika siku hadi siku, daktari mwangalifu hatoi uamuzi mkubwa kwa kipimo kimoja.

Ami alirudi Migori wiki mbili baadaye, nikiwa nimemwandikia kikaratasi cha kumwonyesha fundi. Safari hii kibofu kilikuwa na 330 kabla ya haja na 150 baada yake. Kwa hivyo ile 240 ilikuwa imetiwa chumvi, lakini tatizo lenyewe lilikuwa la kweli.

Mililita 150 ni nyingi au ni chache? Hakuna namba moja ambayo madaktari wote wameafikiana. Chini ya 50 kwa mzee haimshughulishi mtu. Kati ya 100 na 200 panahitaji kutibiwa na kurudia kupima. Ikipita 300, na ikakutwa hivyo tena na tena kwa muda wa miezi sita, chama cha madaktari wa mkojo cha Marekani wanaihesabu kuwa mkojo umekwama kwa muda mrefu, hata kama mtu haumwi popote. Namba peke yake haitoshi. Lazima isomwe pamoja na hali ya figo, na kama mtu amepata maambukizi, mawe, au kukwama kabisa.

Lakini 150 ilitosha kueleza usiku wa ami. Tazama hesabu. Figo zake zinatoa, tuseme, mililita 1,600 kwa siku. Kibofu chake kinabanwa kikifika 330. Kingekuwa kinamaliza chote, angekwenda mara tano. Kwa kuwa 150 haitoki, nafasi ya kazi iliyobaki ni 180 tu, na 1,600 kwa 180 ni karibu mara tisa. Ni kama pipa la nyumbani ambalo nusu yake ni tope: unalijaza upesi na linaisha upesi, na anayeangalia nje haelewi kwa nini. Ami alikuwa akiamka mara tano usiku. Alikuwa amejaribu kuacha kunywa maji kabisa, na hilo lilimzidishia tu, kwa sababu mkojo mzito huchoma kibofu na kukifanya kidai haja mapema zaidi.

Mkojo unaobaki huleta maradhi mengine pia. Maji yaliyotuama huota vidudu, kwa hivyo mzee hupata maambukizi yanayotibiwa leo na kurudi mwezi ujao. Chumvi zake hutulia chini na kufanya mawe. Na kubwa kuliko yote, shinikizo la kibofu kinachojaa daima linaweza kurudi juu kwenye mirija ya figo, figo zikavimba kwa maji na kufa polepole, bila maumivu yoyote. Ndiyo maana altrasaundi ya tezi isiyotazama figo ni nusu ya kazi, na ndiyo maana nilimwomba ami apimwe kreatinini ya damu. Figo zake zilikuwa salama kwenye picha, na kreatinini ilikuwa ya kawaida. Hapo nilipumua.

Kuna ishara moja ya shinikizo hilo ambayo wazee huificha kuliko zote, nayo ni kujikojolea usingizini. Mzee ambaye hajawahi, kisha akaanza kuamka shuka zimeloa bila kuhisi chochote, asidhaniwe amerudi utotoni. Mara nyingi kibofu kimejaa mpaka juu, na mlango ukilegea usingizini kinamwagika kile kilichozidi. Ukimpapasa tumbo chini ya kitovu unaweza kuhisi uvimbe mviringo usiouma. Huyo hahitaji kungoja miadi, anahitaji hospitali wiki hiyo hiyo.

Hili lisichanganywe na matone yanayotoka baada ya kumaliza, mtu akishavaa nguo. Nimeulizwa hili na watu wengi wanaohofia tohara yao, na ami naye aliacha kwenda msikitini alfajiri kwa ajili yake. Matone hayo kwa kawaida hayatoki kibofuni. Ni mkojo kidogo uliobaki kwenye kona ya mrija, nyuma ya korodani. Dawa yake ni kubonyeza kwa vidole pale nyuma ya korodani na kuvuta mbele taratibu, mara mbili tatu, kabla ya kustanji. Wazee wetu wanaijua istibrai, lakini wengi huanzia mbele tu, na mkojo wenyewe umekaa nyuma. Kwa anayevuja daima hata akifanya hivyo, hukumu ya udhuru ipo, na amuulize sheikh wake. Asiache msikiti kabla ya kuuliza.

Kabla ya kuilaumu tezi, kuna mambo mengine ambayo lazima yaulizwe, kwa kuwa mkondo dhaifu na mkojo unaobaki vina mlango zaidi ya mmoja. Sukari ya miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu ya kibofu, mtu asihisi kujaa na misuli isikamue. Hapo mlango unaweza kuwa wazi na bado mkojo ukabaki, na dawa ya tezi isimfae sana. Kovu kwenye mrija, lililotokana na kisonono cha zamani au na mpira wa mkojo uliowekwa vibaya, hutoa mkondo mwembamba usiobadilika, na hili humpata hata mwanamume wa miaka 40. Altrasaundi ya tumbo haitofautishi misuli iliyochoka na mlango uliobanwa. Inasema tu kwamba mkojo umebaki.

Na kuna dawa. Nilimuuliza ami anatumia nini, akasema hatumii kitu. Nikamwambia aniletee mfuko wenyewe mbele ya kamera. Ukatoka na Piritoni ya mafua, aliyokuwa akimeza kila usiku kwa kuwa inamletea usingizi, na vidonge vya amitriptilini alivyopewa kwa ganzi ya miguu. Vyote viwili vinalegeza misuli ya kibofu. Vidonge vya mafua vyenye dawa ya kuzibua pua hufanya kinyume chake, hubana shingo ya kibofu, na matokeo ni yale yale. Mzee mwenye tezi iliyokua anaweza kumeza dawa ya mafua jioni na ikifika usiku wa manane hata tone halitoki. Mirungi nayo iko kwenye orodha hiyo: watafiti wa Yemen walipima miaka ya 1990 wakakuta kasi ya mkojo inashuka mtu akitafuna. Vijiwe vyetu vina wazee wengi wanaotafuna jioni na kulalamika asubuhi, wala hawaunganishi mambo hayo mawili. Ami hatafuni. Piritoni aliiacha siku hiyo. Amitriptilini nilimwambia asiikate mwenyewe, aende kwa aliyempa, na daktari huyo akambadilishia.

Tuje kwenye swali lake la kwanza. Altrasaundi ya tumbo haiwezi kumwambia mtu kwamba ana saratani ya tezi dume wala kwamba hana. Kuna vipimo viwili vya kuanzia. Cha kwanza ni damu, PSA. Cha pili ni kidole: daktari huvaa glavu na kugusa tezi kupitia njia ya haja kubwa, kwa muda usiofika dakika. Tezi iliyonenepa tu huwa laini na sawasawa, kama nyama ya kiganja chini ya kidole gumba. Saratani mara nyingi huwa na kigumu, kama fundo la kidole. Wanaume wetu wengi hukimbia kipimo hiki kwa aibu. Dharura ya tiba huruhusu kuonekana, na ukitaka daktari mwanamume, sema, ni haki yako.

PSA ya ami ilikuwa 4.6, na maabara ikaipigia alama nyekundu kwa kuwa imepita 4. Lakini tezi kubwa hutoa PSA nyingi, hata ikiwa salama. Njia moja ya kuisoma ni kuigawanya kwa ujazo wa tezi: 4.6 kwa 60 ni chini kidogo ya 0.08, na chini ya 0.15 huwa inapunguza shaka. Kidole nacho kilikuta tezi laini. Daktari akaamua kurudia PSA baada ya miezi, bila kukata nyama ya kupima. PSA pia hupanda mtu akiwa na maambukizi ya mkojo au amekwama na kuwekewa mpira. Aliyepimwa katika hali hiyo akaogopeshwa, angoje kama wiki sita baada ya kupona, apime tena.

Matibabu aliyopewa ni dawa mbili, na inafaa kuelewa kwa nini ni mbili. Ya kwanza ni tamsulosini, mikrogramu 400, kidonge kimoja kwa siku. Hii inalegeza misuli ya shingo ya kibofu na ya ndani ya tezi. Inafanya kazi upesi, ndani ya siku chache mtu huona tofauti, lakini tezi haipunguzi hata kidogo. Humezwa baada ya chakula, na saa ile ile kila siku. Mwezi wa Ramadhani, baada ya futari. Taabu yake kubwa ni kizunguzungu mtu anapoinuka ghafla, kwa hivyo anayeamka kwa alfajiri akae ukingoni mwa kitanda kidogo kwanza. Manii yanaweza kupungua au kutotoka wakati wa tendo, jambo lisilo na madhara ila likimshtukiza mtu anadhani amelogwa. Na anayetarajia kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho amwambie daktari wa macho kabla, hata kama aliiacha dawa hii zamani, kwa sababu inalegeza mboni na kumpa taabu mpasuaji.

Ya pili ni finasteraidi, miligramu 5. Hii inazuia homoni inayoikuza tezi, na tezi hupungua kwa kama robo, lakini baada ya miezi sita hadi mwaka. Wanaoiacha baada ya wiki tatu kwa kuwa "haifanyi kazi" ni wengi. Inafaa tezi kubwa, si ndogo. Inaweza kupunguza hamu, na mjamzito asishike kidonge kilichovunjika. Tena inashusha PSA kwa nusu, kwa hivyo baada ya mwaka, PSA ya 2.5 ya anayeitumia isomwe kama 5. Nilimwambia ami aandike jina la dawa hiyo kwenye jalada la daftari lake la hospitali, maana atakayemsomea PSA mwaka kesho huenda si huyu wa leo.

Sababu ya kuziunganisha ilionekana wazi katika utafiti wa Marekani uitwao MTOPS, uliochapishwa 2003, wa wanaume 3,047. Kulegeza peke yake kuliwapa watu nafuu, lakini baada ya miaka haikupunguza idadi ya waliokwama mkojo au kuhitaji upasuaji. Waliotumia dawa ya kulegeza pamoja na finasteraidi ndio waliokuwa na hali njema kuliko wote. Kwa hivyo mzee mwenye tezi ya 60 anayepewa tamsulosini tu kila mwezi, miaka nenda rudi, bila mtu kupima mkojo uliobaki, anapata usingizi lakini ugonjwa unaendelea chini kwa chini.

Nyumbani alibadilisha mambo machache. Anakunywa maji ya kutosha mchana na kupunguza masaa mawili matatu kabla ya kulala, na kahawa ya jioni ameiacha kwa shingo upande. Anakojoa akiwa amekaa, bila kujikamua. Akimaliza, anakaa dakika chache, kisha anajaribu tena, na mara nyingi hutoka kikombe kidogo cha kahawa alichokuwa akilala nacho.

Baada ya wiki sita mkojo uliobaki ulikuwa 80, na usiku anaamka mara mbili. Kipimo kijacho ni baada ya miezi sita, pamoja na kreatinini na PSA.

Limebaki jambo la umbali. Kegonga ni mbali na daktari wa upasuaji, na mkojo unaweza kukwama hata usiku. Mtu aliyekwama ghafla anajua: tumbo la chini limejaa, linauma, anakwenda na kurudi msalani na hakitoki kitu. Asinywe maji zaidi "ili yasukume", wala asingoje asubuhi. Aende kituo cha karibu chenye muuguzi au tabibu anayejua kuweka mpira, na nafuu hupatikana ndani ya dakika. Nimemwambia ami na mtoto wake wa kiume wakague mapema ni kituo gani karibu nao kinafanya kazi usiku na kina mpira wa kumuwekea, kisha namba ya boda iwe kwenye simu. Kiasi kitakachotoka kiandikwe. Kikiwa zaidi ya lita moja, asirudishwe nyumbani usiku huo, kwa kuwa figo zinaweza kuanza kumwaga maji mengi kupita kiasi na mtu akaishiwa nguvu. Mara nyingi hupewa tamsulosini, na baada ya siku mbili tatu mpira hutolewa kuona kama atakojoa mwenyewe.

Upasuaji unakuja pale mtu anapokwama tena na tena, mkojo unaobaki unapozidi licha ya dawa, figo zinapovimba, mawe yanapofanyika kibofuni, au damu na maambukizi yanapokuwa hayaishi. Kwa tezi isiyozidi mililita 80 hivi hupitishwa chombo kwenye mrija na kukwangua ndani, bila kupasua tumbo, na kwenye karatasi huandikwa TURP. Kubwa zaidi, katika hospitali nyingi zetu, hutolewa kwa kupasua tumbo chini. Katika njia zote mbili ganda la tezi hubaki, kwa hivyo aliyefanyiwa asiache kupima PSA. Na kwa kuwa SHA imechukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, na wasio na mshahara hulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja, familia iangalie kadi ya mzee kabla ya haja kuwafika.

Ami bado hajafika huko. Juzi alinitumia picha nyingine, ya karatasi ya mzee jirani yake Mkuria. Safari hii alikuwa ameuzungushia kalamu mstari wa mwisho: 310.